Vỏ au giỏ: silabi moja ya Kivietinamu na masikio mawili

Kosa lililonifundisha zaidi lugha ya Kivietinamu lilitokea katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho mkoani Bình Phước, kusini mwa Vietnam, na lilihusu silabi moja tu. Msimamizi wa zamu, mzaliwa wa Cà Mau, alituambia tuondoe haraka kitu ambacho kwa matamshi yake kilisikika kama "yo", katika toni inayoshuka na kupanda kidogo mwishoni. Nilikuwa mkalimani wa vijana wawili kutoka Mtwara waliokuja kujifunza ubanguaji, nikawageukia na kuwaambia bila kusita, "Ondoeni vikapu vyote." Wakaondoa. Vikapu sita vya akina mama waliokuwa wakichambua korosho karanga vilimiminwa katika pipa moja kabla havijapimwa, ilhali kila mama alilipwa kwa kilo alizochambua mwenyewe. Wakati huohuo maganda yenye mafuta yale yanayounguza ngozi yaliendelea kurundikana chini ya meza za kukatia, kwa sababu ni hayo maganda aliyokuwa ameyataka msimamizi.

Ganda kwa Kivietinamu ni vỏ. Kikapu, hasa kwa usemi wa kusini, ni giỏ. Katika maandishi maneno haya hayafanani hata kidogo, na kwa sikio la mtu wa Hanoi pia hayafanani, kwa kuwa la kwanza linaanza na "v" ya "viatu" na la pili linaanza na "z" ya "zabibu". Kinywani mwa msimamizi wetu yote mawili yalianza na "y" ya "yai", toni ikiwa ileile na irabu ileile. Ilichukua nusu siku kugawana upya zile korosho kwa makadirio ambayo hayakumridhisha mama yeyote, na niliona aibu kwa sababu sikuwa mgeni wa lugha: nilikuwa nimeisoma darasani kwa miezi kumi.

Nilikuwa nimeisoma Hanoi, kaskazini mwa nchi, na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Katika wiki za mwanzo za darasa la Hanoi, zoezi lililonitoa jasho lilikuwa imla. Mwalimu wetu, ambaye tulimwita cô kama wanafunzi wote wa kule wanavyomwita mwalimu wa kike, alisoma sentensi polepole nasi tukaandika. Siku moja alisoma sentensi tatu, na katika kila moja nilisikia silabi "zan" yenye toni ya kupanda, toni iitwayo sắc. Niliandika dán mara tatu na nikapata moja tu. Sentensi ya kwanza ilihusu kubandika stempu, na hapo neno ni dán. Ya pili ilihusu kukaanga samaki, na hapo ni rán. Ya tatu ilihusu mende jikoni, na mende ni con gián. Nilimwendea baada ya kipindi na kumwomba ayatamke tena maneno hayo matatu yakiwa peke yake, nikiamini kuwa ipo tofauti ndogo ambayo sikio langu lilikuwa halijaikamata. Aliyatamka, akatabasamu, akasema kuwa tofauti haipo: mtu wa Hanoi husema d, gi na r kwa sauti moja, yaani "z", na anajua aandike nini kwa sababu analijua neno.

Jibu hilo lilinishangaza kwa muda mfupi tu, kwa sababu nilikumbuka nyumbani. Wako wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa wa bara, ambao husema "zana" wanapokusudia zana za kazi na husema "zana" vilevile wanapokusudia dhana, yaani wazo. Wapo wanaosema "samani" kwa viti na meza, na kwa thamani ya vitu pia. Hawakosei kuandika, walio wengi, kwa sababu neno wamelisoma na kulishika kwa macho. Sisi tuliolelewa Tanga tukizitenga sauti hizo kwa ulimi hatuhitaji kukumbuka, tunajisikiliza tu. Kwa hiyo nilielewa kwamba mwalimu wangu, pamoja na usanifu wote wa lafudhi yake, alikuwa katika nafasi ya yule anayesema "zana" kwa yote mawili, na kwamba mahali pengine katika nchi ile lazima wawepo watu walio katika nafasi ya mtu wa Tanga. Sikuwaza kwamba watu hao nao wangekuwa na "zana" yao wenyewe mahali pengine katika orodha ya herufi.

Kabla ya kuendelea nieleze kwa nini maandishi yana herufi tatu kwa sauti moja. Kivietinamu cha leo huandikwa kwa herufi za Kilatini zilizopangwa na wamisionari wa Kikatoliki katika karne ya 17, wengi wao wakiwa Wareno, na kamusi iliyoupa mpangilio huo umbo lake la kuchapishwa ni ile ya Alexandre de Rhodes iliyotolewa Roma mwaka 1651. Watu hawa waliandika walichosikia. Wakati huo d, gi na r zilikuwa sauti tatu. Sauti ya d inadhaniwa kuwa ilikaribiana na "dh" yetu ya "dhahabu". Gi ilikuwa sauti ya kaakaa, na waliiandika kwa jinsi Mwitaliano anavyoandika sauti iliyo karibu na "j" yetu. R ilikuwa r. Vivyo hivyo s na x: s ilitamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa kurudi nyuma, na x ilitamkwa mbele zaidi. Sauti ya "d" kama ya "dada" ilikuwepo pia, nayo ilipewa herufi yenye kistari, đ. Mgeni asiyejua hili huona d isiyo na kistari katika jina la vazi la áo dài akalisoma "dai", ilhali Hanoi husema "zai" na Saigon, mji mkubwa wa kusini, husema "yai". Miaka karibu 400 imepita, vinywa vimehama, herufi zimebaki.

Basi nilihama Hanoi nikiwa na kanuni moja kichwani, tena niliipata kwa urahisi kutokana na filamu na nyimbo: pale Hanoi wanaposema "z", kusini husema "y". Dạ, neno la heshima la kuitikia, huwa "za" kaskazini na "ya" kusini. Kanuni hiyo ni kweli kwa d na gi. Niliposikia "yo" kutoka kwa msimamizi, nilibadilisha "y" kuwa "z", nikapata "zo", na neno nililolijua lenye "zo" na toni hiyo ni giỏ, kikapu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kila hatua. Kilichokuwa na upungufu ni kanuni yenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida ya kusini, v nayo hutamkwa "y". Về, kurudi nyumbani, husikika kama "ye". Vui, furaha, kama "yui". Mtu huyohuyo akisoma taarifa kwa sauti mbele ya watu anaweza kuirudisha "v" midomoni, na hiyo ndiyo sababu nilikuwa nimeisikia "v" kwa watangazaji wa kusini nikadhani kuwa hali ni hiyo hata kiwandani. Vijana wa kusini wanapoandikiana kwa simu huandika kama wanavyosema: về wanaiandika dề, na vậy wanaiandika dậy au dzậy. Hata ule wito wa kugonganisha glasi unaosikika nchini kote, dô au dzô, asili yake ni vô, "ingia", kwa matamshi ya kusini.

Aliyeutatua mzozo wa siku ile alikuwa mhasibu wa kiwanda, dada mmoja wa Hanoi ambaye wote tulimwita chị, yaani dada mkubwa. Alitoka ofisini, akamwuliza msimamizi anataka nini, akasikia "yo", kisha akamwuliza, "Vỏ hay giỏ?", ganda au kikapu? Kinywani mwake "v" ilikuwa "v" kamili, meno yakigusa mdomo wa chini, na "z" ilikuwa "z". Msimamizi akajibu, "Yo, yo điều!" Neno điều ni korosho, na ganda la korosho lipo, wakati kikapu cha korosho angekiita vingine, kwa hiyo chị alielewa mara moja. Niliona kwa macho yangu kwamba yeye hakulisikia neno vizuri kuliko mimi. Alisikia "yo" ileile niliyoisikia mimi. Alichonizidi ni kujua kwamba "yo" ya mtu wa Cà Mau ina milango mitatu, d, gi na v, akaipigia hodi yote kabla ya kuingia.

Nilidhani basi kwamba sikio la Hanoi ndilo la kuaminiwa, na nikashikilia hivyo kwa majuma machache, mpaka chị aliponipigia simu nikiwa mjini akaniomba ninunue vitu viwili alivyoviita "cái zây". Nilinunua mafundo mawili ya kamba, kwa sababu kamba ni dây. Alikuwa ametaka chekeche mbili za matundu madogo za kuchekechea vumbi la korosho, na chekeche ya namna hiyo ni rây. Silabi hiyohiyo kwa Hanoi ni sekunde pia, giây, lakini sekunde hazinunuliwi. Neno cái linalotangulia halikunisaidia, kwa kuwa watu wa kaskazini huliweka mbele ya kamba na mbele ya chekeche bila kujali. Nilipomsimulia msimamizi wa Cà Mau, yeye alishangaa kwamba mtu anaweza kuyachanganya maneno hayo. Kwake kamba ni "yây", na chekeche inaanza na sauti nyingine kabisa.

Hapo ndipo nilipoichora karatasini picha ambayo hakuna mwalimu aliyekuwa amenichorea. Hanoi wameziunganisha d, gi na r, lakini v wameiacha peke yake. Kusini wameziunganisha d, gi na v, lakini r wameiacha peke yake. Kila upande umepoteza kitu ambacho upande wa pili umekihifadhi. Ukilisikia neno geni kwa mtu wa Hanoi likianza na "z", mwombe mtu wa kusini alitamke: likija na "r", liandike kwa r, likija na "y", ni d au gi. Ukilisikia kwa mtu wa kusini likianza na "y", mwombe mtu wa Hanoi: likija na "v", liandike kwa v, likija na "z", ni d au gi, kwa maana r ingekuwa imejitenga tangu mwanzo kinywani mwa yule wa kusini. Masikio mawili yakikaa pamoja yanarudisha herufi mbili kati ya nne. Zinazobaki, d na gi, hazirudishwi na Hanoi wala Saigon, na nitazirejea.

Niseme neno kuhusu r ya kusini, kwa sababu si moja. Wengine huipiga kwa ncha ya ulimi, karibu sana na r yetu. Wengine, na hawa ni wengi mijini, hukunja ulimi nyuma na kuacha hewa ipite kwa mvumo laini, sauti ambayo Kiswahili hakina. Katika sehemu za delta ya Mekong r huenda nyuma zaidi, hadi kooni, ikawa kama "gh" yetu ya "ghali". Samaki aitwaye cá rô, anayevuliwa sana mashambani mwa mpunga, huwa cá gô, na kikapu kipana cha matundu, rổ, huwa gổ. Msimamizi wetu alitamka hivyo alipokuwa na watu wa kwao, na wenzake kutoka mikoa mingine walimtania kwa sentensi inayojulikana kote, ya kukamata cá rô na kumtia katika rổ naye akirukaruka rột rột, ambayo kwa lafudhi ile hujaa "gh" mwanzo hadi mwisho. Kwa msikilizaji kama mimi hali hii haina madhara. Mradi r haijagusana na d na gi, mipaka imebaki, hata kama sauti yenyewe imehama nyumba.

Kaskazini nako si kaupande kamoja. Vipo vijiji vya pwani ya Nam Định na Thái Bình ambako r hutamkwa r na s hutamkwa kwa ulimi uliokunjwa, ingawa viko karibu na Hanoi kuliko Saigon kwa mbali sana. Nilikutana na fundi mmoja wa mashine wa huko, nikamdhania mtu wa kusini kwa ajili ya r yake mpaka aliponiambia alikozaliwa.

Sasa s na x. Hapa mwalimu wangu hakuwa mtu wa Hanoi wala wa Saigon. Alikuwa mama mtu mzima kutoka Hà Tĩnh, kaskazini ya kati, aliyepika katika kantini ya kiwanda, nasi tukimwita bác, jina la heshima la mtu aliyewazidi umri wazazi wetu. Kila asubuhi aliuza xôi, wali wa kunata wenye maharage, na pembeni aliweka birika la nước sôi, maji yaliyochemka. Hanoi nilikuwa nimeyasikia maneno xôi na sôi kama neno moja, "soi", kwa "s" ya "samaki". Katika darasa la imla tulilazimika kumwuliza mwalimu kama ni sờ nặng, "s nzito", au sờ nhẹ, "s nyepesi", kama watoto wa shule wa kule wanavyouliza, naye alipotaka kutusaidia alilazimisha ulimi wake utoe sauti ambayo hakuitumia katika mazungumzo yake. Kwa bác hapakuwa na kulazimisha. Alipotaja wali, ncha ya ulimi ilikaa nyuma ya meno na sauti ilikuwa kali na nyembamba. Alipotaja maji, ulimi ulikunjwa, ncha ikielekea nyuma ya ufizi, na sauti ikashuka ikawa nene, ikikaribia "sh" ya "shamba" bila kuwa "sh" yenyewe, kwa sababu "sh" yetu hutanua ulimi na hii huukunja.

Nilimwomba anisaidie, na kwa miezi mitatu niliketi kantini dakika 10 kila asubuhi na daftari. Nilimsomea neno kwa lafudhi yangu ya Hanoi, yeye akalirudia, nami nikaandika s au x kwa kufuata ulimi wake, kisha jioni nikalinganisha na kamusi. Mfupa wa kuchemshia supu ni xương na ukungu wa alfajiri ni sương. Kuzaliwa ni sinh na kupendeza ni xinh. Sehemu ya chakula ya mtu mmoja ni suất na kutoka nje ni xuất. Sikumbuki jioni ambayo kamusi ilimpinga bác. Wafanyakazi vijana wa Saigon hawakunifaa vivyo hivyo, kwa kuwa wengi wao, wanapozungumza kwa haraka, s na x zao zimeanza kufanana ingawa wakiulizwa huzitenga. Kwa hiyo kwa jozi hii nasema wazi: tafuta mtu mzima wa kaskazini ya kati au wa kusini, na umsikilize akiwa anaongea na kupika, si akiwa anasoma.

Upungufu wa kutofautisha s na x uliwahi kutufikia kazini, ingawa kwa udogo. Magunia ya korosho zilizopita kwenye tanuri ya kukaushia yalitakiwa kubandikwa neno sấy, kukausha kwa joto. Karani mmoja wa kaskazini aliandika xấy, tahajia ambayo nimeiona mara nyingi hata nje ya kiwanda. Kila mfanyakazi alielewa, kwa sababu neno xấy halina maana nyingine inayoshindana nalo. Vijana wangu wa Mtwara, waliokuwa wakijifunza maneno kwa kuyatafuta katika simu, hawakulipata kokote na wakaniletea kama msamiati mpya. Tangu hapo niliwafundisha kwamba neno likikosekana kwa x walitafute kwa s, na likikosekana kwa d walitafute kwa gi, kisha kwa r, na mwisho kwa v.

Simu yenyewe ilikuwa msaada kwangu kwa namna nyingine. Wavietinamu wengi huandika kwa mtindo uitwao Telex, ambapo alama ya toni huingizwa kwa herufi ya kawaida mwishoni mwa silabi, na s huwakilisha toni sắc. Yale maneno matatu ya mende, kukaanga na kubandika huchapwa hivi:

```
gians
rans
dans
```

Sikio linayapokea kama neno moja, lakini vidole lazima viamue kabla ya kubonyeza herufi ya kwanza. Niliona kwamba maneno niliyokuwa nimeyachapa mara nyingi sikuyakosea tena, hata nilipoyasikia kwa lafudhi ya Hanoi, kwa sababu neno lilikuwa limepata umbo mkononi.

Nirudi kwa d na gi, ambazo Hanoi wala Saigon haina wa kuzitenga. Ushahidi ulio karibu zaidi ni mazungumzo ya kila siku: mama mdogo, yaani ndugu mdogo wa kike wa mama, ni dì, na "nini" ni gì, na kote Hanoi na Saigon mtoto anayesema "mama mdogo, nini hicho?" anatoa silabi moja mara mbili. Hata hivyo, kwa sehemu moja kubwa ya msamiati ipo njia ya kukisia, nayo ni maneno yaliyotoka Kichina, ambayo yamejaa katika mikataba na barua za ofisi. Maneno hayo hayaanzi kamwe na r, kwa hiyo "z" ya Hanoi katika neno la Kichina ni d au gi tu. Kisha sikiliza toni. Ikiwa ni ngã, toni inayopanda kwa kukatika katikati, au nặng, toni nzito ya chini inayokatika ghafla, andika d: diễn, kuigiza, dịch vụ, huduma. Ikiwa ni hỏi, ile toni ya vỏ na giỏ, au sắc, andika gi: giải, kutatua, giá, bei, giám đốc, mkurugenzi. Toni ikiwa ya bapa, tazama irabu: ikiwa ni a, kwa kawaida ni gi, kama katika gia đình, familia, na giao, kukabidhi, ikiwa ni irabu nyingine ni d, kama katika dân, wananchi, na du lịch, utalii. Aidha gi haikubali kufuatwa na sauti ya "w", ndiyo maana biashara ni doanh nghiệp na si vinginevyo.

Niliujaribu utaratibu huu kwenye mkataba mmoja wa ununuzi wa korosho ghafi, ukurasa kwa ukurasa, huku chị akinisomea nami nikiandika. Maneno yaliyonishinda yalikuwa machache, na mawili nayakumbuka kwa sababu yanaikaidi kanuni ya irabu a: danh, jina, kama katika danh sách, orodha ya majina, na dao katika ca dao, mashairi ya mapokeo ambayo mmoja wa waliotia saini alikuwa ameyanukuu katika barua ya salamu. Hayo ni ya kushika kwa kichwa. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba kanuni hii inahitaji sikio la Hanoi, kwa sababu kusini toni hỏi na ngã zimeungana. Aliponisomea msimamizi ukurasa wa mwisho, sikuweza tena kujua kwa toni kama silabi ni ya d au ya gi pale toni hizo mbili zilipohusika, na nikalazimika kumrudia chị.

Kwa maneno ya asili ya Kivietinamu, yale ya jikoni na kiwandani, kanuni hiyo haifanyi kazi. Kinachosaidia kidogo ni ndugu wa neno. Neno likiwa na ndugu anayeanza na tr, huandikwa gi: watu wa kaskazini wa zamani husema giời kwa trời, mbingu, na giăng kwa trăng, mwezi. Neno likiwa na ndugu anayeanza na đ au nh, huandikwa d: kisu ni dao, na upanga ni đao, nafasi au wakati ufaao ni dịp, na ndugu yake ni nhịp. Undugu huu si wa bahati, kwa maana d ya zamani ilitokana na sauti za meno na gi ilitokana na sauti za kaakaa, kabla hazijalainika. Lakini maneno yenye ndugu wa wazi ni machache, na mengi yanabaki kuwa ya kukumbuka tu, kwangu na kwao.

Nilipokuwa nikiondoka Bình Phước, chị aliniachia mezani mfuko wa korosho zilizokaangwa kwa chumvi, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: Giành cho em. Alikusudia "Zimewekwa kwa ajili yako, mdogo wangu", ambayo ni dành, kutenga au kuweka akiba. Giành ni kunyang'anyana. Niliisoma kwa sauti, na msimamizi wa Cà Mau aliyekuwa karibu alisikia "yành" na hakuona kosa. Chị mwenyewe aliisoma "zành" na hakuona kosa. Bác alikuja kutoka kantini akifuta mikono, akaitazama karatasi, akatazama tena, akaniomba kalamu. Chị akasimama naye, wakajadiliana kwa muda, kila mmoja akilitamka neno na kulisikiliza, kisha tukaifungua kamusi ya simu yangu sote wanne, na chị akakata gi kwa mstari mmoja na kuandika d juu yake.